Chaja Inayocheza Ukutani: Soketi Iliyolegea na Hatari ya Cheche

Chaja ya simu ikishachomekwa ukutani inapaswa kutulia. Kama inainama kwa uzito wake, kama simu inaacha kuchaji hadi uisukume chaja kidogo, kama ukiigusa unasikia mchakacho au unaona cheche ya buluu kwenye tundu, basi soketi hiyo imechakaa.

Watu wengi wakiliona tatizo hili huamua moja kati ya mambo mawili. Wa kwanza husema soketi ile mbovu iachiwe chaja peke yake, maana chaja inatumia umeme kidogo. Wa pili hufanya kinyume chake: chaja huhamishiwa kwenye soketi inayobana vizuri, na ile iliyolegea inabaki kwa ajili ya pasi na birika, kwa sababu plagi kubwa ya pini tatu haidondoki hata soketi ikiwa imechoka. Uamuzi huo wa pili ndio unaounguza ukuta. Wa kwanza una nafuu, lakini haudumu, kwa sababu katika nyumba yenye watu kuna siku mtu mwingine atachomeka pasi pale pale. Ili kuona kwa nini, inafaa kwanza tujue kilichomo ndani ya tundu.

Kinachoibana plagi

Soketi nyingi za Tanzania, Kenya na Uganda ni za matundu matatu ya mstatili, zinazofuata kiwango cha Uingereza kiitwacho BS 1363. Nyuma ya kila tundu kuna kibanio cha madini ya jamii ya shaba, kilichokunjwa ili kifanye kazi ya springi. Pini ikiingia, kibanio kinatanuka kidogo kisha kinaikumbatia pini kwa nguvu. Nguvu hiyo ndiyo inayoishikilia plagi isidondoke, na ndiyo hiyo hiyo inayoupitisha umeme vizuri.

Hapa kuna jambo ambalo jicho halilioni. Pini na kibanio vyote vinaonekana laini, lakini kwa kipimo kidogo sana nyuso zao zina mabonde na vilima. Vinapogusana, havigusani kote. Vinagusana kwenye vilele vichache tu, na umeme wote unapita hapo. Kibanio kikibana kwa nguvu, vilele hivyo vinasagika, sehemu za kugusana zinaongezeka na umeme unapata njia pana. Kikilegea, zinabaki sehemu chache, nazo zinaachana na kugusana tena kila plagi inapotikiswa.

Kibanio hulegea kwa sababu tatu. Ya kwanza ni matumizi ya kawaida: kila kuchomeka na kuchomoa kunakichosha kidogo, na soketi iliyotengenezwa kwa bati jembamba huchoka mapema. Ya pili ni joto. Madini ya springi yakipata moto mara kwa mara hupoteza mkazo wake, yanabaki laini, na yakishatanuliwa hayarudi. Ndiyo maana soketi iliyowahi kuungua hata kidogo haiponi kwa kupumzishwa. Ya tatu ndiyo inayozihusu chaja moja kwa moja, nayo ni kuingiza kwenye tundu pini ambayo tundu hilo halikutengenezewa.

Pini ya mviringo kwenye tundu la mstatili

Chaja nyingi zinazouzwa madukani kwetu zina pini mbili za mviringo. Ni plagi ya Ulaya bara, na ndiyo inayotumika pia Kongo, Rwanda na Burundi. Ukiwa na soketi ya huko, chaja hiyo inakaa sawasawa. Tatizo linaanza inapolazimishwa kwenye soketi ya matundu matatu.

Vipimo vyenyewe vinaeleza kila kitu. Pini ya laivu au ya nyutro kwenye plagi ya BS 1363 ina unene wa milimita 4 na upana wa zaidi kidogo ya milimita 6, tena ni bapa. Kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya nyingine ni milimita 22 na kidogo. Plagi ya pini mbili za mviringo ina nafasi ya milimita 19 hivi kati ya pini zake. Kwa hiyo pini zinaingia zikiwa zimesukumwa kwenye kingo za ndani za matundu, na zinakaa kwa kujipinda. Isitoshe, pini ya mviringo hugusa kibanio bapa kwenye mstari mwembamba tu, ilhali pini bapa hugusa kwa ubavu wake wote.

Zaidi ya hapo, pini za mviringo hazilingani unene. Zile za chaja ndogo zina kipenyo cha milimita 4. Zile za vifaa vikubwa zaidi, na za baadhi ya adapta, zina milimita 4.8. Ukiisukuma pini ya milimita 4.8 kwenye kibanio kilichopimwa kwa milimita 4, unakitanua kupita kiasi chake. Ukiichomoa, kibanio kinabaki wazi. Jioni hiyo ukichomeka chaja yenye pini za milimita 4 itacheza, na kesho ukichomeka pasi, plagi yake itaonekana imekaa kwa sababu mwili wake ni mpana na una pini tatu. Kumbe ndani, vibanio viwili vinavyobeba umeme vinaigusa juu juu tu.

Halafu kuna ile njia ya kufungua tundu. Ndani ya soketi hizi mna vilango vya plastiki vinavyoziba matundu mawili ya chini ili mtoto asiingize kitu. Kwa kawaida pini ya ethi, ambayo ni ndefu kuliko wenzake, huingia kwanza na kuvifungua. Chaja ya pini mbili haina pini hiyo, kwa hiyo watu huchomeka kalamu, kijiti au ufunguo kwenye tundu la juu ili vilango vifunguke. Kalamu huvipinda vilango hivyo, na vipande vyake vikivunjikia ndani vinazuia plagi isizame hadi mwisho. Ufunguo una hatari nyingine kabisa: kwenye nyumba ambayo nyaya zimeungwa kinyume, au ethi imepata umeme kutokana na kifaa kibovu, mkono wako unakuwa umeshika umeme.

Cheche ya chaja inatoka wapi

Mtu anaweza kuuliza: kama chaja inatumia umeme kidogo hivyo, mbona inatoa cheche kubwa kuliko taa?

Jibu limo ndani ya chaja. Umeme wa ukutani una volti 230, lakini hiyo ni aina ya wastani tu; kila wimbi linapofika kileleni linagusa volti 325 hivi. Mlangoni kabisa mwa chaja mna kifaa cha kuhifadhi umeme kiitwacho kapasita, ambacho hujazwa hadi kiasi hicho. Kapasita ikiwa tupu, mara tu pini inapogusa kibanio inavuta umeme mwingi kwa ghafla ili ijae. Mvuto huo unaisha kabla jicho halijapepesa, lakini kwa muda huo mfupi unaweza kuwa mara kumi na zaidi ya umeme ambao chaja hutumia ikiwa imetulia. Chaja ya kompyuta mpakato ina kapasita kubwa zaidi, na ndiyo maana hutoa mlio wa “tak” hata kwenye soketi nzima.

Kwenye soketi inayobana, hilo hutokea mara moja tu unapochomeka. Kwenye soketi iliyolegea, chaja inapoteza mgusano kila mlango unapogongwa, kila lori linapopita, kila unapovuta waya uisogeze simu karibu. Inapogusa tena, kapasita inajaa upya na cheche inaruka upya. Dalili yake utaiona kwenye simu: inatoa mlio wa kuanza kuchaji, inanyamaza, inatoa tena, bila wewe kuichomoa.

Kila cheche huyeyusha chembe ya madini kwenye pini na kwenye kibanio. Baada ya muda vinatokea vidoa vyeusi na vishimo vidogo. Madini yaliyochomwa hewani yanapata utando wa oksidi usiopitisha umeme vizuri, na katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, unyevu wenye chumvi huongeza ukoko wa kijani juu yake. Plastiki ya kando ya tundu nayo, ikipigwa na cheche mara kwa mara, huanza kugeuka kaboni, na kaboni hupitisha umeme.

Kwa hiyo chaja yenyewe mara nyingi haiunguzi soketi siku hiyo. Inaiharibu uso. Anayekuja kuiunguza ni mwingine.

Hesabu ya birika

Chukua chumba kimoja cha kupanga chenye soketi moja ukutani. Usiku kucha na nusu ya mchana imechomekwa chaja ya wati 20 yenye pini mbili. Alfajiri chaja inachomolewa, linachomekwa birika la wati 2,000 kwa ajili ya chai na maji ya kuoga. Kisha pasi ya wati 1,000. Soketi imeshaanza kucheza.

Birika la wati 2,000 kwenye volti 230 linavuta ampea 8.7. Kibanio kizima kina ukinzani mdogo mno, tuseme sehemu tano za elfu za omu, yaani 0.005. Joto linalozaliwa kwenye mgusano ni umeme ukizidishwa kwa wenyewe, kisha kwa ukinzani: 8.7 mara 8.7 mara 0.005. Unapata chini ya nusu wati. Joto hilo linapotea hewani bila mtu kulihisi.

Sasa kibanio kimelegea, kina masizi na oksidi, na ukinzani wake umepanda hadi 0.3 ya omu. Ni kiasi kidogo bado. Lakini 8.7 mara 8.7 mara 0.3 ni wati 22.7. Chuma cha kulehemu ambacho fundi redio hutumia kuyeyushia risasi kina wati 25 hadi 30. Kwa maneno mengine, ndani ya soketi hiyo, kwenye nafasi ndogo kuliko punje ya karanga, umewasha kitu kinachokaribia chuma cha kulehemu, nacho kimezungukwa na plastiki na kimeshikana na waya ambao ganda lake, kwa nyaya za kawaida za nyumbani, limetengenezwa kustahimili nyuzi 70 tu za joto.

Pasi ya wati 1,000 inavuta nusu ya umeme wa birika, na joto lake kwenye kibanio hicho hicho linashuka hadi robo, wati 5.7. Chaja, inayovuta sehemu ndogo ya ampea moja, inazalisha hapo chini ya sehemu moja ya mia ya wati. Ndiyo maana chaja inaweza kucheza miezi mingi kwenye soketi mbovu bila plastiki kuyeyuka, halafu birika likaliharibu tundu ndani ya wiki chache.

Na hali hiyo haikai ilivyo. Joto linalegeza springi zaidi, springi ikilegea ukinzani unapanda, ukinzani ukipanda joto linaongezeka. Ikifikia hatua fulani, sehemu ya mgusano inaweza kuiva ikawa nyekundu huku birika likiendelea kuchemsha maji kama kawaida, kwa sababu kati ya volti 230 zake limepoteza chini ya tatu. Mtumiaji hana cha kumshtua.

Kwa nini breka inanyamaza

Wengi hujiamini kwa kuwa nyumba ina sakiti breka. Breka hulinda dhidi ya umeme kuzidi, kama pale nyaya mbili zinapogusana na kupiga shoti, au vifaa vingi vinapovuta kwa pamoja. Katika mfano wetu umeme unaopita ni ampea 8.7, na breka ya soketi kwa kawaida huwa ya ampea 20 au 32. Kwake hakuna kosa lolote. Fyuzi ya ampea 13 ndani ya plagi nayo haioni kosa. Hata ile kinga ya umeme unaovuja, ambayo mafundi huiita RCD, haijikati, kwa sababu umeme unaokwenda ndio unaorudi. Hakuna unaovujia ardhini.

Vifaa hivyo vitashtuka mwishoni, pale ganda la waya litakapokuwa limeungua na nyaya kugusana. Wakati huo moto unaweza kuwa umeshashika pazia. Kwa hiyo tatizo hili linapaswa kugunduliwa na macho, pua na mkono wa mwenye nyumba.

Namna ya kuipima soketi yako

Anza kwa kujua mwenye kosa ni soketi au ni chaja. Zima swichi ya soketi. Chukua chaja inayocheza uichomeke kwenye soketi nyingine unayoiamini, kisha chukua plagi nzuri ya pini tatu uichomeke kwenye soketi unayoishuku. Chaja ikicheza kila mahali na plagi ya pini tatu ikibana kila mahali, kosa ni la chaja: pini zake ni nyembamba au zimelegea kwenye mwili wake, nawe unahitaji chaja au adapta nyingine. Plagi ya pini tatu ikicheza kwenye soketi ile ile tu, au ikitoka kwa kuvutwa kwa vidole viwili bila kukataa, vibanio vimechoka. Zote mbili zikicheza, usipoteze muda na chaja. Shughulika na soketi kwanza.

Kisha angalia. Mulika matundu kwa tochi bila kuingiza kitu. Tafuta rangi ya kahawia au njano kuzunguka tundu moja, plastiki iliyovimba au iliyolainika pembeni, vidoa vyeusi. Mara nyingi utaona tundu la upande mmoja tu limebadilika rangi, kwa sababu kibanio kimoja hutangulia kuharibika. Angalia na pini za pasi au birika: pini nzima hung’aa, pini iliyoteseka ina doa jeusi au la rangirangi sehemu moja.

Nusa. Plastiki ngumu ya soketi inapopata moto hutoa harufu kali ambayo wengi huifananisha na shombo ya samaki, na hutoka hata kabla ya moshi. Ukiisikia sebuleni na jikoni hamna samaki, tembea ukuta kwa ukuta ukizigusa soketi kwa juu.

Pima joto. Tumia birika au pasi kama kawaida kwa muda wa kuchemsha maji au kunyoosha nguo chache. Zima swichi, chomoa, kisha gusa mwili wa plagi na uso wa soketi, si pini, maana zinaweza kukuunguza. Uvuguvugu ni kawaida. Ikiwa huwezi kukiacha kiganja chako pale kwa raha, soketi hiyo isitumike tena hadi ibadilishwe.

Sikiliza pia. Soketi nzima haina sauti. Mchakacho kama wa kitu kinachokaangwa, hasa birika likiwa limewashwa, maana yake umeme unaruka. Ukiwa na redio ya masafa ya kati karibu, itakwaruza kila chaja inapotikiswa.

Yasiyofaa

Njia ya kawaida ya kuponya chaja inayocheza ni kuweka njiti ya kiberiti au karatasi iliyokunjwa pembeni ya pini ili ibane. Hapo unaongeza kitu kinachowaka mahali panaporuka cheche, na pini inasukumwa upande mmoja, hivyo kibanio cha upande wa pili kinazidi kutanuka. Kuifungia chaja kwa utepe wa gundi kunaificha dalili na kuliacha tatizo.

Kuzipanua pini za chaja kwa koleo kunaifanya ibane kwa siku chache, kisha vibanio vinatanuka kuifuata. Wapo pia mafundi wanaofungua soketi na kuvibana vibanio kwa koleo. Madini yaliyokwisha kupata joto hayana springi tena. Yatabana leo, yatalegea baada ya birika mara chache. Kazi ya kufungua soketi ni ile ile ukiibana au ukiibadilisha, kwa hiyo badilisha.

Usiikimbie soketi iliyolegea kwa kuchomeka ekstensheni hapo hapo. Plagi ya ekstensheni itapita kwenye vibanio vile vile, na sasa itabeba vifaa vinne kwa mpigo. Na jihadhari na zile ekstensheni zenye matundu yanayopokea plagi za kila aina. Kibanio kinachojaribu kuzishika pini bapa, nyembamba na nene kwa pamoja hakishiki yoyote vizuri.

Kubadilisha

Soketi ni kifaa cha bei ndogo ukilinganisha na birika, sembuse na kitanda. Unaponunua, nenda na plagi ya pini tatu mkononi. Chomeka na kuchomoa dukani mara kadhaa: soketi nzuri inaingia kwa kukataa kidogo na kutoka kwa kukataa vilevile, na mkono unahisi pande zote zinabana sawa. Igeuze nyuma utazame vibanio na skurubu. Bati jembamba linaonekana, na soketi nzima huwa nyepesi mno. Tafuta alama ya BS 1363 na alama ya ubora ya TBS kwa Tanzania, au ya KEBS kwa Kenya.

Kazi ya kuifunga mpe fundi umeme mwenye leseni. Tanzania leseni hizo hutolewa na EWURA. Lakini hata ukimwita fundi, ni vizuri ujue anachopaswa kufanya ili umsimamie. Kwanza umeme unakatwa kwenye meni swichi, si kwenye swichi ya soketi peke yake. Kisha anathibitisha kwa kipimo: anakijaribu kipimo chake kwenye soketi anayojua ina umeme kabla ya kukata, anapima soketi anayoifungua baada ya kukata, na baadaye anakijaribu tena mahali penye umeme. Testa ya bisibisi iliyoharibika haiwaki hata penye umeme, nayo imewadanganya wengi.

Akishaifungua soketi, tazama nyaya. Waya uliopata joto una ganda gumu, lililobadilika rangi au linalovunjika, na shaba yake imekuwa nyeusi. Sehemu hiyo inakatwa hadi ifikiwe shaba inayong’aa. Kama waya umekuwa mfupi mno, unaungwa vizuri au unavutwa mpya. Waya ulioungua ukifungwa kwenye soketi mpya, soketi mpya nayo itapata joto.

Hapo pia ndipo lilipo kosa ambalo hujifanya kama soketi iliyochoka. Mara nyingine vibanio ni vizima, ila skurubu ya nyuma inayoushika waya imelegea, au imebana juu ya ganda badala ya shaba. Dalili ni zile zile: mchakacho, joto, harufu. Tofauti ni kwamba plagi yenyewe inabana vizuri. Kila waya uingie hadi mwisho, skurubu ibane shaba, na fundi auvute kila mmoja kwa mkono kuhakikisha hautoki. Laivu iende mahali pa laivu, nyutro pa nyutro, na ethi isiachwe ikining’inia ati kwa sababu taa inawaka bila hiyo.

Ukimaliza, usiiharibu soketi mpya kwa pini ya mviringo. Nunua chaja yenye plagi ya pini tatu, au adapta nzuri yenye pini tatu na fyuzi ndani yake, uiache imefungwa kwenye chaja daima. Kalamu irudi kwenye daftari. Na zoea kuzima swichi ya soketi kabla ya kuchomeka na kabla ya kuchomoa: cheche itarukia ndani ya swichi, ambayo imetengenezwa kwa kazi hiyo, badala ya kurukia kwenye kibanio.

Ukiwa mpangaji na leo haiwezekani

Si kila mtu anaweza kumwita fundi siku hiyo hiyo. Kama nyumba si yako, mwambie mwenye nyumba kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu wenye picha ya tundu lililobadilika rangi, ili ajue ni suala la moto na si la chaja kusumbua. Wakati unasubiri, pangilia hivi.

Soketi yenye rangi ya kahawia, harufu au mchakacho haitumiki kwa kitu chochote. Zima breka yake kama ina ya peke yake. Kama haina, zima swichi yake na uibandike karatasi yenye neno “MBOVU”, maana mgeni na mtoto hawajui mlichokubaliana.

Soketi inayocheza tu, bila dalili nyingine, inaweza kuibeba chaja ya simu kwa siku hizo, kwa masharti. Uwe macho na uwepo chumbani, chaja isining’inie kwa waya wake, na godoro, pazia na nguo vikae mbali nayo. Usiku ichomoe. Birika, pasi, jiko la umeme, hita na friji visiguse soketi hiyo kabisa. Friji inatajwa kwa sababu yenyewe hujiwasha na kujizima mchana na usiku bila mtu kuiangalia, na kila mota yake inapoanza huvuta umeme mwingi kuliko kawaida.

Ikitokea moshi au mwali kwenye soketi, usikimbilie kuichomoa plagi kwa mkono. Plastiki inaweza kuwa imeyeyuka na umeme uko wazi. Kimbilia meni swichi. Ukishakata, moto mdogo unaweza kuuzima kwa kizimamoto cha poda au cha gesi ya kaboni, au kwa mchanga mkavu. Maji yasiguse kama huna hakika umeme umekatwa. Ikiwa moto umeingia ndani ya ukuta au darini, toeni watu nje na mpige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa Tanzania.

Kama una fedha ya kubadilisha soketi moja tu mwezi huu, usianze na ile inayokuudhi kwa chaja. Anza na ile ya birika na pasi, ipime joto leo, na kama ina dalili ibadilishe kwanza. Ile ya chaja ifuate mwezi ujao, na hadi siku hiyo mtu yeyote nyumbani asichomeke hapo kifaa cha kupasha moto.